Nadharia ya bei kwa hoja ya abitraji

Nadharia ya bei kwa hoja ya abitraji ni nadharia ya uchumi wa fedha inayoeleza kwa nini baadhi ya hisa, kwa wastani wa miaka mingi, huwapa wenyewe faida kubwa kuliko nyingine. Ilitungwa na mwanauchumi Mmarekani Stephen Ross na kuchapishwa mwaka 1976. Kwa mujibu wa nadharia hii, hisa nyingi katika soko husukumwa na visababishi vichache vya pamoja, kama vile uzalishaji wa viwanda au mfumuko wa bei. Faida inayotarajiwa kutoka kwa hisa fulani hutegemea jinsi hisa hiyo inavyoitikia kila kimoja cha visababishi hivyo. Kinachobana bei zifuate kanuni hiyo ni abitraji, yaani biashara ya kununua kitu panapouzwa rahisi na papo hapo kuuza kinacholingana nacho panapouzwa ghali, bila kuweka mtaji na bila kubeba hatari.

Katika makala hii neno *faida* lina maana ya ongezeko la fedha za mwekezaji kwa asilimia katika kipindi fulani, likijumlisha gawio na mabadiliko ya bei ya hisa. *Kapu* ni mkusanyiko wa hisa anazomiliki mwekezaji mmoja.

## Asili

Kabla ya Ross, maelezo yaliyotawala yalikuwa yale ya William Sharpe (1964), ambayo John Lintner na Jan Mossin waliyafikia pia kwa njia zao katika miaka iliyofuata. Katika modeli ya Sharpe kuna kisababishi kimoja tu, nacho ni mwendo wa soko zima. Hisa inayopanda na kushuka kwa nguvu kuliko soko ina *beta* kubwa, kwa hiyo wenye nayo hutarajia faida kubwa zaidi. Hitimisho hilo lilitokana na masharti mazito: wawekezaji wote wawe na makadirio yaleyale, wote wapime uwekezaji kwa wastani wa faida na kiwango cha kuyumba kwake tu, na kapu la soko linalozungumzwa liwe na kila mali iliyopo duniani. Mwaka 1977 Richard Roll alionyesha kwamba sharti hilo la mwisho lina madhara makubwa. Kwa kuwa hakuna anayeweza kulipima kapu la mali zote, zikiwemo nyumba na ujuzi wa watu, modeli yenyewe haiwezi kupimwa kikamilifu.

Ross alianza mahali pengine. Hakuuliza wawekezaji wana tabia gani. Alichohitaji ni dhana mbili: kwamba faida za hisa zinatokana na visababishi vichache vya pamoja, na kwamba soko halimwachii mtu fedha za bure kwa muda mrefu. Hahitaji watu wote wawe na busara. Wanatosha wachache wenye macho makali na uwezo wa kufanya biashara kubwa.

## Muundo wa faida

Nadharia huigawa faida ya kila hisa katika sehemu tatu. Kwa visababishi viwili huandikwa hivi:

```
r = E + b1·F1 + b2·F2 + e
```

Hapa `r` ni faida iliyopatikana kweli mwishoni mwa mwaka, na `E` ni ile iliyotarajiwa mwanzoni. `F1` na `F2` ni visababishi, lakini ile sehemu yao isiyotarajiwa tu. Jambo hili huwachanganya wanafunzi wengi. Kama kila mtu alitarajia uzalishaji wa viwanda ukue kwa asilimia 3, nao ukakua kwa asilimia 3, basi `F1` ni sifuri, kwa sababu ukuaji huo ulikuwa tayari umo ndani ya bei. Ukikua kwa asilimia 1 tu, `F1` ni −2.

Namba `b1` na `b2` huitwa hapa *mwitikio*. Mwitikio wa 1.5 maana yake ni kwamba kisababishi kikizidi matarajio kwa asilimia 1, faida ya hisa hupanda kwa asilimia 1.5. Kiwanda cha saruji chenye madeni mengi kwa kawaida huwa na mwitikio mkubwa kwa uzalishaji kuliko kampuni ya kuuza dawa au chakula, kwa kuwa watu huahirisha kujenga mambo yanapoharibika lakini hawaahirishi kula.

Mwisho ni `e`, yaani mambo ya kampuni yenyewe: ghala limeungua, mkurugenzi amejiuzulu, mgodi umegonga mwamba wenye madini. Mambo haya hayana uhusiano na visababishi, wala ya kampuni moja hayahusiani na ya nyingine.

Tofauti kati ya sehemu hizi ndiyo msingi wa hoja yote. Tuseme mambo ya kampuni yenyewe pekee huiyumbisha hisa moja kwa asilimia 30 kwa mwaka. Mtu akigawa fedha zake sawasawa kwa hisa 4 za namna hiyo, bahati ya moja hufidia nuksi ya nyingine, na kuyumba hushuka hadi asilimia 15, kwa sababu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: 30 hugawanywa kwa 2. Akiwa na hisa 100 hubaki asilimia 3, na akiwa na 900 hubaki asilimia 1. Visababishi vya pamoja havipungui hivyo. Ukichanganya hisa 900 zenye mwitikio wa 1 kwa uzalishaji, kapu lako lina mwitikio wa 1 uleule.

Kwa hiyo hatari ya `e` inaweza kuondolewa karibu bure kwa kutawanya uwekezaji, na soko halimlipi mtu kwa kubeba mzigo ambao angeweza kuutua. Hisa ya kampuni ndogo ya utafutaji madini inaweza kuyumba kuliko zote sokoni na bado ikawa na faida ndogo inayotarajiwa, ikiwa kuyumba kwake kunatokana na bahati ya kuchimba na si hali ya uchumi. Ni kosa la kawaida kusema kwamba hisa hatari zaidi hulipa zaidi. Nadharia haisemi hivyo. Inasema kwamba kinacholipwa ni hatari isiyoepukika.

## Hoja ya abitraji kwa mfano

Namba za mfano huu zimebuniwa ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme dhamana za serikali zisizo na hatari hulipa asilimia 5 kwa mwaka. Kisababishi cha kwanza ni uzalishaji wa viwanda, na cha pili ni imani ya wakopeshaji, yaani utayari wao wa kuzikopesha kampuni dhaifu bila kudai riba kubwa mno. Kuna makapu mawili, kila moja likiwa na hisa nyingi kiasi kwamba `e` yake inaweza kusahauliwa. Kapu A lina mwitikio wa 1.0 kwa uzalishaji na 0.5 kwa imani, na linatarajiwa kuleta faida ya asilimia 13. Kapu B lina mwitikio wa 0.5 na 0.75, na linatarajiwa kuleta asilimia 11.

Sasa linatokea kapu la tatu, C, lenye mwitikio wa 0.75 kwa uzalishaji na 0.625 kwa imani. Bei yake leo ni shilingi 1,000,000, na baada ya mwaka linatarajiwa kuwa na thamani ya shilingi 1,140,000, yaani faida ya asilimia 14. Je, bei hiyo ni sahihi?

Mfanyabiashara anagundua kwamba akiweka nusu ya fedha kwenye A na nusu kwenye B, anapata kitu chenye mwitikio uleule wa C. Nusu ya 1.0 na nusu ya 0.5 ni 0.75, nusu ya 0.5 na nusu ya 0.75 ni 0.625. Mchanganyiko huo unatarajiwa kuleta wastani wa 13 na 11, yaani asilimia 12. Vitu viwili vinavyoitikia uchumi kwa namna moja vinatofautiana faida kwa asilimia 2.

Anafanya hivi. Anaazima hisa za A zenye thamani ya shilingi 500,000 na za B zenye thamani kama hiyo, anaziuza zote, na kwa shilingi 1,000,000 alizopata ananunua C. Hajatoa hata senti mfukoni. Baada ya mwaka atauza C, kisha atanunua A na B sokoni ili azirudishe kwa wenyewe.

Tuone kama kweli hana hatari. Tuseme mwaka unakuwa mbaya kwa viwanda na uzalishaji unapungukiwa na matarajio kwa 4, huku imani ya wakopeshaji ikizidi matarajio kwa 2. Faida ya C itakuwa 14 − 0.75 × 4 + 0.625 × 2, yaani asilimia 12.25. Faida ya A itakuwa 13 − 4 + 1, yaani asilimia 10. Ya B itakuwa 11 − 2 + 1.5, yaani asilimia 10.5. Wastani wa A na B ni 10.25. Tofauti inabaki asilimia 2 kamili, naye anaondoka na shilingi 20,000. Msomaji anaweza kujaribu mishtuko mingine yoyote, ya heri au ya shari. Jibu ni lilelile, kwa kuwa mwitikio wa pande mbili unafutana.

Fedha za namna hii hazidumu. Yeye na wenzake watazidi kununua C na kuuza A na B mpaka bei zisogee. Tukichukulia kwamba bei za A na B hazijaguswa, C itapanda hadi pale ambapo shilingi 1,140,000 za mwakani zitakuwa faida ya asilimia 12 tu. Bei hiyo ni 1,140,000 ÷ 1.12, yaani takriban shilingi 1,017,857. Hapa ndipo inapoonekana kwamba bei na faida inayotarajiwa ni pande mbili za jambo moja: thamani ya baadaye ikiwa ileile, anayenunua kwa bei ya juu anatarajia faida ndogo.

## Ujira wa kila kisababishi

Kutokana na makapu hayohayo inawezekana kujua soko linalipa kiasi gani kwa kila kisababishi peke yake. Tutafute mchanganyiko wenye mwitikio wa 1 kwa uzalishaji na sifuri kwa imani. Mwenye shilingi 100 anunue A kwa shilingi 150, auze B ya kuazima kwa shilingi 100, na aweke shilingi 50 katika dhamana za serikali. Jumla ni 150 − 100 + 50, yaani shilingi 100 zilezile. Mwitikio kwa uzalishaji ni 1.5 × 1.0 − 0.5 = 1. Kwa imani ni 1.5 × 0.5 − 0.75 = 0. Faida inayotarajiwa ni 1.5 × 13 − 11 + 0.5 × 5 = 11. Ukiondoa asilimia 5 ambazo mtu angepata bila hatari yoyote, zinabaki 6. Huo ndio ujira wa hatari ya uzalishaji.

Kwa imani ya wakopeshaji, anunue B kwa shilingi 200 na auze A ya kuazima kwa shilingi 100. Mwitikio kwa uzalishaji unakuwa sifuri, kwa imani unakuwa 1, na faida inayotarajiwa ni 22 − 13 = 9. Ujira wake ni 4. Kanuni nzima basi ni:

```
E = 5 + 6·b1 + 4·b2
```

Kila kapu lililotawanywa vizuri ni lazima liitii kanuni hii, la sivyo mtu atajenga mchanganyiko unaofanana nalo na kuvuna tofauti. A ni 5 + 6 + 2 = 13. B ni 5 + 3 + 3 = 11. C inapaswa kuwa 5 + 4.5 + 2.5 = 12. Tofauti ya faida kati ya hisa mbili sasa ina maelezo: ujira wa kisababishi ni mmoja kwa soko zima, na kinachotofautisha hisa moja na nyingine ni mwitikio wake.

Ujira unaweza pia kuwa hasi. Hisa inayopanda mfumuko wa bei unapowashtua watu ni kama bima, kwa kuwa huleta fedha wakati nyingine zinapopoteza. Watu huinunua kwa bei ya juu na kuridhika na faida ndogo.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya kuanzia hulipita haraka. Kwa kapu lenye hisa nyingi hoja ni imara, lakini kwa hisa moja moja ni ya ukaribio tu, kwa sababu hisa moja bado ina `e` yake na anayeiuza ili kununua mfano wake anabeba hatari hiyo. Alichothibitisha Ross ni kwamba hisa zikiwa nyingi sana, makosa ya bei kwa jumla yana kikomo, hivyo karibu zote hufuata kanuni kwa ukaribu. Hisa chache zinaweza kwenda kombo bila nadharia kuvunjika. Katika soko la New York lenye maelfu ya hisa jambo hili halisumbui sana. Katika soko la Nairobi, lenye kampuni takriban 60 na ambapo Safaricom peke yake ni sehemu kubwa ya thamani ya soko, au la Dar es Salaam lenye chache zaidi, kutawanya hadi `e` isahaulike hakuwezekani, na kanuni iliyochukuliwa kutoka kitabu cha Marekani haina budi kutumiwa kwa tahadhari.

## Visababishi ni vipi?

Nadharia yenyewe haivitaji visababishi wala idadi yake. Huo ni udhaifu wake mkubwa, na wakati huohuo ndiyo sababu imezaa modeli nyingi.

Njia ya kwanza ilikuwa kuvitafuta katika hali ya uchumi. Mwaka 1986 Nai-Fu Chen, Richard Roll na Ross mwenyewe walipima uzalishaji wa viwanda wa Marekani, mfumuko wa bei uliotarajiwa na usiotarajiwa, pengo la riba kati ya hatifungani za kampuni dhaifu na zile za serikali, na pengo kati ya riba za muda mrefu na mfupi. Hoja yao ilikuwa kwamba bei ya hisa ni thamani ya leo ya gawio la baadaye, kwa hiyo kisababishi chochote sharti kiguse ama gawio ama riba inayotumika kulikokotoa. Waliona kwamba visababishi kadhaa kati ya hivyo, hasa uzalishaji na pengo la hatifungani dhaifu, vinalipwa. Bei ya mafuta, ambayo watu wengi wangeitaja kwanza, haikuonekana kulipwa ujira wake peke yake.

Njia ya pili ilianzia kwenye hisa zenyewe. Eugene Fama na Kenneth French, mwaka 1993, walitumia visababishi vitatu. Cha kwanza ni faida ya soko zima ikiondolewa riba isiyo na hatari. Cha pili ni faida ya hisa za kampuni ndogo ikiondolewa ya kampuni kubwa. Cha tatu ni faida ya hisa za *thamani*, ambazo bei yake sokoni ni ndogo ikilinganishwa na mtaji ulioandikwa katika vitabu vya hesabu, ikiondolewa ya hisa za *ukuaji*, ambazo bei yake ni kubwa. Waligawa hisa za Marekani katika makapu 25 kwa ukubwa na kwa uwiano huo wa vitabu na bei, kisha wakapima kwa data za miaka ya 1963 hadi 1991.

Matokeo yao yanaonyesha vizuri kazi ya mwitikio. Visababishi vyote vitatu vikiwemo, mwitikio wa makapu yote 25 kwa soko ulikuwa karibu na 1. Hivyo soko linaeleza kwa nini hisa kwa jumla hulipa kuliko dhamana za serikali, lakini haliwezi kueleza kwa nini kapu hili linalipa kuliko lile. Tofauti ilikuwa kwenye visababishi vingine viwili. Kwa kisababishi cha thamani, mwitikio ulitoka takriban −0.4 kwa makapu ya ukuaji hadi takriban 0.7 kwa makapu ya thamani. Katika kipindi hicho kisababishi chenyewe kilileta wastani wa asilimia 0.40 kwa mwezi. Pengo la mwitikio la 1.1 likizidishwa kwa 0.40 ni asilimia 0.44 kwa mwezi, yaani zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Modeli ya Sharpe ingeliacha pengo hilo bila maelezo.

Kapu moja liligoma. Hisa za ukuaji za kampuni ndogo kabisa zilileta faida ndogo waziwazi kuliko ile ambayo mwitikio wake ulidai. Ukaidi huo umewasumbua watafiti tangu wakati huo, na ni mojawapo ya sababu zilizowafanya Fama na French waongeze mwaka 2015 visababishi viwili zaidi, kimoja cha uwezo wa kampuni kuzalisha faida na kingine cha kasi ya uwekezaji wake. Mark Carhart alikuwa ameongeza mwaka 1997 kisababishi cha mwendo, yaani tabia ya hisa zilizopanda mwaka uliopita kuendelea kupanda kwa miezi kadhaa.

## Kupima mwitikio

Mwitikio hauandikwi katika taarifa za kampuni, hukadiriwa. Kwa kawaida mtafiti huchukua faida za kila mwezi za miaka mitano, yaani namba 60, na kutafuta mstari unaozihusisha vizuri zaidi na visababishi vya miezi hiyohiyo. Hatua ya pili ni kulinganisha mwitikio uliopatikana na wastani wa faida wa kila kapu, ili kuona kama wenye mwitikio mkubwa walilipwa zaidi.

Tatizo la hatua ya kwanza ni kosa la makadirio. Kwa kisababishi kimoja, ukubwa wake ni kuyumba kwa `e` kugawanywa kwa kuyumba kwa kisababishi na kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miezi. Hisa moja ambayo `e` yake huyumba kwa asilimia 8 kwa mwezi, ikipimwa dhidi ya kisababishi kinachoyumba kwa asilimia 4, ina kosa la takriban 0.26. Kadirio la 1.0 basi linaweza kwa urahisi kuwa 0.5 au 1.5 kwa ukweli. Kapu ambalo `e` yake ni asilimia 1 tu lina kosa la takriban 0.03. Ndiyo maana karibu tafiti zote hupima makapu. Anayesoma ripoti inayotaja mwitikio wa kampuni moja kwa tarakimu mbili baada ya nukta ana haki ya kuuliza umepimwaje.

Hatua ya pili ina mtego wake. Makapu yakiwa yamepangwa kwa sifa ileile iliyotumika kuunda kisababishi, si ajabu mwitikio na faida vikaenda pamoja. Kent Daniel na Sheridan Titman walilijaribu hili mwaka 1997. Walichukua hisa zenye uwiano sawa wa vitabu na bei, wakazitenganisha kwa mwitikio wao kwa kisababishi cha thamani. Kama ni mwitikio unaolipwa, wenye mwitikio mkubwa walipaswa kupata zaidi. Hawakupata. Faida ilifuata sifa ya kampuni, si mwitikio wake. Mwaka 2000 James Davis, Fama na French walirudia jaribio hilo kwa data kuanzia 1929, wakasema matokeo hayo yalikuwa ya kipindi kifupi tu. Mjadala huo si wa maneno matupu. Mwitikio ukishinda, ziada ya hisa za thamani ni ujira wa hatari ya kweli na itadumu. Sifa ikishinda, huenda ni kosa la wawekezaji ambalo siku moja litajirekebisha.

Zaidi ya hayo, urahisi wa kujaribu visababishi umeleta msongamano. Campbell Harvey, Yan Liu na Heqing Zhu, katika makala yao ya mwaka 2016, walihesabu zaidi ya visababishi 300 vilivyokwisha kuchapishwa. Mtu akijaribu mambo mia moja yasiyo na maana, takriban matano yatapita kipimo cha kawaida cha takwimu kwa bahati tu. Kwa hiyo walishauri kipimo kiwe kikali zaidi, kisababishi kipya kikidaiwa uthabiti wa mara 3 ya kosa lake badala ya mara 2 iliyozoeleka.

## Mipaka ya abitraji

Hoja nzima inasimama juu ya mfanyabiashara anayeazima, anauza, ananunua na kusubiri. Katika maisha, kuazima hisa kunalipiwa, mwenye hisa anaweza kuzidai wakati wowote, na aliyemkopesha mfanyabiashara hudai dhamana zaidi bei zinapoenda kinyume. Andrei Shleifer na Robert Vishny walieleza mwaka 1997 kwamba pengo la bei linapopanuka, yaani biashara inapokuwa nono zaidi, ndipo wenye fedha huzitoa kwa hofu.

Mfano maarufu ni Royal Dutch ya Uholanzi na Shell Transport ya Uingereza. Kwa makubaliano ya mwaka 1907 kampuni hizo ziligawana mapato yao kwa uwiano wa 60 kwa 40, kwa hiyo thamani ya Royal Dutch sokoni ilipaswa kuwa mara 1.5 ya thamani ya Shell. Hapakuwa na haja ya kukadiria mwitikio wala ujira. Kanuni ilikuwa kwenye mkataba. Hata hivyo, kwa miaka mingi bei zilipotoka kwenye uwiano huo, mara nyingine kwa zaidi ya asilimia 10. Mfuko wa Long-Term Capital Management ulinunua upande uliokuwa rahisi na kuuza ulio ghali. Mwaka 1998, baada ya Urusi kushindwa kulipa madeni yake, mfuko huo uliofanya kazi kwa mikopo mikubwa ulipata hasara kwenye biashara zake nyingi kwa pamoja, na ukalazimika kufunga hata zile ambazo pengo lake lilikuwa limezidi kupanuka. Benki 14 zilichangia takriban dola bilioni 3.6 kuuokoa. Kampuni hizo mbili ziliungana kuwa moja mwaka 2005, na hapo ndipo pengo lilipokwisha.